GIF, mpaka wa rangi 256, na pale video fupi inapobaki safi zaidi

GIF ni umbo la faili la picha lililotolewa na kampuni ya Kimarekani ya CompuServe mwaka 1987. Toleo linalotumika hadi leo, GIF89a, ni la mwaka 1989, na ndilo lililoongeza muda wa kusubiri kati ya fremu moja na nyingine pamoja na nafasi ya rangi moja ya uwazi. Kujirudia bila kikomo kulikuja katikati ya miaka ya 1990, kupitia nyongeza iliyobuniwa kwa ajili ya kivinjari cha Netscape. Tangu hapo umbo lenyewe halijabadilika. Kilichobadilika ni matumizi ya jina lake, na hapo ndipo mkanganyiko wa leo ulipoanzia.

Kwa watumiaji wengi wa simu, GIF ni klipu yoyote fupi isiyo na sauti inayojirudia yenyewe. Lakini klipu yenye alama ya GIF ndani ya WhatsApp kwa kawaida ni video ya MP4, na Twitter ilianza mwaka 2014 kuzigeuza GIF zilizopakiwa na watumiaji kuwa MP4 kabla ya kuzionyesha. Matokeo yake ni swali linaloulizwa na kila anayejaribu kutengeneza GIF yake mwenyewe: kwa nini zile za kwenye simu ni laini na nyepesi, na hii ya kwangu ina chembechembe, imepauka, na bado inakula megabaiti kadhaa za bando? Jibu fupi ni kwamba vitu viwili tofauti vinalinganishwa kana kwamba ni kimoja. Jibu refu linahitaji kueleza jinsi GIF inavyohifadhi rangi, kwa nini dawa ya kuficha upungufu wa rangi ndiyo inayoongeza uzito, na ni klipu ya aina gani isiyofaa kabisa kuwekwa kwenye GIF.

## Jedwali la rangi na kamusi ya LZW

Pikseli ya GIF haibebi rangi, inabeba namba. Namba hiyo inaelekeza kwenye jedwali lenye nafasi zisizozidi 256, na kila nafasi inashika baiti tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Jedwali lililojaa ni baiti 768 tu. Rangi zenyewe zinaweza kuteuliwa popote kati ya rangi milioni 16.7 ambazo skrini ya kawaida inaweza kuonyesha. Kinachowekewa mpaka ni idadi ya zile zinazokaa pamoja kwenye jedwali moja. Kila fremu inaruhusiwa kuwa na jedwali lake, ingawa programu nyingi hutumia moja kwa klipu nzima.

Ichukuliwe klipu ya sekunde 4, yenye upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 270, inayocheza fremu 12.5 kwa sekunde. Fremu moja ina pikseli 129,600, na fremu zote 50 zina pikseli 6,480,000. Kwa kuwa kila pikseli ni baiti moja, klipu hiyo ni karibu megabaiti 6.5 kabla haijabanwa. Kila kinachopungua kutoka hapo ni kazi ya mbinu ya ubanaji inayoitwa LZW, kwa majina ya Lempel, Ziv na Welch, na kazi ya kuruka sehemu ambazo hazikubadilika kutoka fremu iliyotangulia.

LZW hufanya kazi kwa kujijengea kamusi. Inasoma pikseli kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, na kila inapokutana na mfuatano mpya wa namba inauandika kwenye kamusi. Mfuatano huo ukijitokeza tena, hautajwi tena pikseli kwa pikseli: inaandikwa namba moja tu ya ukurasa wake, tuseme, katika kamusi. Mstari wa pikseli 480 zenye rangi moja unaonyesha nguvu ya mbinu hii. Alama ya kwanza inafunika pikseli 1, ya pili inafunika 2, ya tatu 3, na kuendelea hivyo, kwa hiyo alama 31 zinatosha kuumaliza mstari mzima. Kila alama mwanzoni ni biti 9, na jumla ni kama baiti 35 badala ya 480. Mstari wa pili ukiwa wa rangi ileile, unahitaji alama 13 tu zaidi, kwa sababu kamusi tayari inajua mifuatano mirefu.

Sasa mstari huohuo uwe wa pikseli zilizochanganyika ovyo, kila moja tofauti na jirani yake. Kamusi haipati mfuatano wa kurudia. Kila alama inafunika pikseli moja, au mbili kwa bahati, na wakati huohuo upana wa alama unapanda kutoka biti 9 hadi 12 kadiri kamusi inavyojaa hadi maingizo yake 4,096. Picha ya namna hiyo inaweza kuwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya kubanwa. Hiki ndicho kiini cha suala zima: uzito wa GIF unategemea marudio kuliko kitu kingine chochote. Chochote kinachofanya pikseli jirani zifanane kinapunguza faili, na chochote kinachozitofautisha kinaliongeza.

## Kupunguza rangi kunaokoa nini

Ushauri wa kwanza unaotolewa kwa mwenye GIF nzito ni kupunguza rangi kutoka 256 hadi 128 au 64. Ni ushauri sahihi kwa sababu ambayo mara nyingi haielezwi, na ndiyo maana wengi wanaufuata na kushangaa kwamba faili limepungua kidogo tu.

Jedwali lenyewe likipungua nusu, kinachookolewa ni baiti 384, ambazo si kitu. Alama za LZW zinaanza na biti 8 badala ya 9, lakini kwenye picha yenye mambo mengi zinafika biti 12 upesi vilevile. Faida halisi inatoka kwingine: rangi zikiwa chache, pikseli nyingi zaidi zilizokuwa zinatofautiana kidogo zinaangukia nafasi moja ya jedwali, na hivyo mifuatano inarefuka. Kwenye rekodi ya skrini ya simu, yenye mandhari meupe, kitufe cha kijani na maandishi meusi, upungufu huo haudhuru chochote. Hata rangi 32 zinaweza kutosha, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zinakwenda kwenye kingo laini za herufi. Kwenye anga la jioni hali ni nyingine. Mpito wa polepole kutoka rangi ya chungwa hadi zambarau unakatika kuwa mikanda inayoonekana wazi, kama tabaka za mchanga kwenye ukuta wa kisima.

Namna jedwali linavyoteuliwa nayo ina athari zake. Mbinu maarufu, iliyoelezwa na Paul Heckbert katika makala yake ya mwaka 1982, inaziweka rangi zote za picha ndani ya boksi moja, kisha inalikata boksi hilo upande wake ulio mrefu zaidi ili kila nusu ibaki na idadi sawa ya pikseli. Inaendelea kuyakata maboksi hadi yafike 256, na wastani wa kila boksi unakuwa rangi moja ya jedwali. Kwa kuwa ukataji unafuata wingi wa pikseli, eneo kubwa ndilo linalopewa nafasi nyingi. Anga likijaza theluthi mbili za fremu, litachukua sehemu kubwa ya jedwali, na bendera ndogo nyekundu juu ya mlingoti inaweza kukosa nafasi yake na kugeuka ya kahawia. Aliyetengeneza klipu huona jambo hilo na kudhani kamera ndiyo mbaya, kumbe bendera imeshindwa kwa kura.

Programu ya FFmpeg inatoa njia ya kurekebisha hilo kwa sehemu. Kichujio chake cha `palettegen` kina chaguo `stats_mode`: kwa thamani `full` kinahesabu pikseli zote za klipu, na kwa thamani `diff` kinazipa uzito zaidi zile zinazobadilika kutoka fremu hadi fremu. Kitu kidogo kinachotembea mbele ya mandhari yaliyotulia kinapata haki yake kwa njia hiyo. Thamani ya tatu, `single`, inatengeneza jedwali jipya kwa kila fremu. Kwa klipu ya fremu 50 hilo linaongeza baiti 38,400, yaani kama kilobaiti 38, gharama ambayo inavumilika. Kisichovumilika sana ni kwamba rangi ileile ya ukuta inaweza kutafsiriwa tofauti kidogo kwenye kila jedwali, na mandhari yaliyotakiwa kutulia yakaanza kupepesa.

## Kutawanya nukta

Mikanda ya rangi ina dawa ya zamani. Badala ya kulazimisha kila pikseli kuchukua rangi iliyo karibu nayo zaidi, programu inachanganya nukta za rangi mbili zilizopo ili jicho, kwa mbali, lione ya tatu ambayo haimo kwenye jedwali. Kwenye programu chaguo hilo huandikwa `dither`. Wachapaji wa magazeti wamekuwa wakifanya jambo la jinsi hiyo kwa nukta za wino mweusi kwenye karatasi nyeupe.

Mbinu inayojulikana zaidi ilichapishwa na Robert Floyd na Louis Steinberg mwaka 1976. Inafaa kuifuata kwa karibu, kwa kuwa ubora wake na ubaya wake vinatoka mahali pamoja. Tuseme jedwali lina kijivu 96 na kijivu 144, na hakuna kingine kati yao, na sehemu ya anga ina thamani 112 kila mahali. Pikseli ya kwanza inachukua 96, iliyo karibu zaidi, na linabaki baki la 16. Baki hilo halitupwi. Linagawanywa sehemu 16 na kurithishwa kwa majirani ambao bado hawajafikiwa: wa kulia anapata 7, wa chini kushoto 3, wa chini 5, na wa chini kulia 1. Pikseli ya pili sasa si 112 tena bali 119. Nayo inachukua 96, na baki lake ni 23. Saba ya kumi na sita ya 23 ni kama 10, kwa hiyo pikseli ya tatu inafika 122, ambayo iko karibu zaidi na 144, na ndiyo inayoandikwa. Nukta tatu zimetoka: 96, 96, 144. Wastani wake ni 112 kamili, ile rangi ambayo jedwali halina.

Matokeo kwa jicho ni mazuri kweli. Anga linarudi kuwa laini, na picha ya rangi 64 inaweza kuonekana kama ina mamia. Lakini mstari uliokuwa 112, 112, 112 sasa ni mchanganyiko wa 96 na 144 kwa mpangilio usiojirudia kwa utaratibu, na LZW inaishi kwa marudio. Kutawanya nukta kunanunua ulaini kwa gharama ya kitu kilekile ambacho ubanaji wa GIF unakitegemea. Hii ndiyo sababu GIF ya rangi 64 yenye nukta zilizotawanywa inaweza kuwa nzito kuliko ya rangi 256 isiyo na nukta hizo, jambo linalowashangaza wanaodhani uzito ni suala la idadi ya rangi peke yake.

Hilo ni kwa fremu moja. Kwa picha inayocheza, mbinu ya kurithishana baki ina kasoro ya pili iliyo kubwa zaidi. Kila pikseli inategemea waliotangulia, kwa hiyo badiliko dogo juu kushoto, hata kelele ya kamera isiyoonekana kwa macho, linasukuma mabaki yote yanayofuata upande wa kulia na chini. Nukta za ukuta ambao haukusogea zinahama kutoka fremu hadi fremu. Mtazamaji anaona ukuta ukichemka kama wali chunguni. Na kwa kuwa karibu kila pikseli imebadilika, ile faida ya kuruka sehemu zilizotulia inapotea, na fremu zote 50 zinahifadhiwa karibu nzima.

Mbinu ya pili, ya Bryce Bayer ya mwaka 1973, hairithishi kitu. Ina gridi ndogo ya viwango iliyopigwa juu ya picha, na kila pikseli inaamuliwa kwa thamani yake na mahali ilipo kwenye gridi. Pikseli ya thamani ileile mahali palepale inatoa jibu lilelile katika kila fremu, kwa hiyo ukuta uliotulia unabaki umetulia. Isitoshe, gridi inajirudia, na marudio ndiyo chakula cha LZW. Gharama yake ni muundo wa miraba unaoonekana, kama kitambaa cha chandarua kilichowekwa mbele ya picha. Kwenye FFmpeg nguvu ya muundo huo inarekebishwa kwa `bayer_scale`, kuanzia 0 hadi 5: thamani ndogo inaonyesha miraba zaidi na kupunguza mikanda, thamani kubwa inafanya kinyume chake.

Kati ya hizo mbili, kwa picha inayocheza Bayer inastahili kutangulia, hata kama fremu yake moja ikitazamwa peke yake ni mbaya zaidi. Ulinganisho unaofanywa kwa picha iliyosimama, ambao ndio wa kawaida, unampotosha mchaguzi: unapima urembo wa fremu moja na kusahau kwamba jicho linasumbuliwa zaidi na kinachotetemeka kuliko kinachoonekana na miraba. Pale ambapo picha ni ya rangi bapa, kama katuni, nembo au skrini ya simu, uamuzi bora zaidi ni kutotawanya nukta hata kidogo, kwa `dither=none`.

## Video inakwenda njia nyingine

Video ya kisasa haina jedwali la rangi. Kiwango cha H.264, kilichotolewa mwaka 2003 na ambacho ndicho kilichomo kwenye MP4 nyingi, kinaigawanya fremu kuwa miraba ya pikseli 16 kwa 16. Kwa kila mraba kinatafuta katika fremu nyingine sehemu inayofanana nao, kisha kinaandika umbali na upande sehemu hiyo ilikosogea, pamoja na tofauti ndogo iliyobaki. Tanga la jahazi likisogea pikseli 5 kwenda kulia, GIF inalazimika kulichora upya lote. Video inaandika, kwa maana, "tanga lilelile, hatua tano kulia". Tofauti iliyobaki nayo inapunguzwa kwa kukadiria thamani za vipengele vidogo vidogo ambavyo jicho halivijali sana.

Kwa klipu ileile ya sekunde 4, kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo kwa upana wa pikseli 480 kwa kawaida inatoa picha nzuri, inafanya jumla ya kilobiti 2,000, yaani kilobaiti 250. Hata LZW ingefanikiwa kuzikata megabaiti 6.5 za GIF hadi nusu, faili lake lingekuwa mara 13 ya hiyo video, tena likiwa na rangi 256 dhidi ya mamilioni. Pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa kwa kuchagua kichujio bora.

Hata hivyo video ina dhambi zake. Iliyo kubwa kwa mada hii ni kwamba muundo wa kawaida, unaoandikwa `yuv420p`, unatenganisha mwanga na rangi, na kuhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo. Klipu ya 480 kwa 270 inakuwa na ramani ya rangi ya 240 kwa 135 tu. Pikseli nne zinachangia sampuli moja. Kwenye uso wa mtu au maji ya bahari hakuna anayetambua. Kwenye herufi nyekundu zenye unene wa pikseli moja juu ya mandhari ya bluu, wekundu unavujia pembeni na herufi zinakuwa na ukungu. Klipu ya mafunzo ya programu, ambayo thamani yake yote iko kwenye kusomeka kwa maandishi, inaweza kuharibika hapo hapo, wakati GIF ingehifadhi kila pikseli ilivyo. Zaidi ya hayo, H.264 ya kawaida haina uwazi, na anga lenye giza likibanwa kupita kiasi linatoa mikanda yake lenyewe.

## Klipu mbili zikipitishwa kwenye kazi

Klipu ya kwanza: jahazi linapita mbele ya machweo, sekunde 4. Anga ni mpito wa rangi, maji yanamemetuka kila mahali, na kamera imeshikwa mkononi. Hakuna pikseli iliyotulia. Bila kutawanya nukta, anga linakatika mikanda. Kwa Floyd na Steinberg, linachemka na faili linafura. Kwa Bayer, miraba inaonekana vizuri kabisa kwenye anga tupu. Hakuna mpangilio wa GIF unaoiokoa klipu hii, na muda unaotumika kuutafuta ni muda uliopotea. Amri ya video ni hii:

```
ffmpeg -i jahazi.mov -an -vf "scale=480:-2" \
  -c:v libx264 -crf 23 -preset slow \
  -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart jahazi.mp4
```

`-an` inaondoa sauti. `-crf` ndiyo inayoamua ubora: namba ikishuka picha inakuwa bora na faili linakuwa zito, na kushuka kwa 6 hivi kunakaribia kuongeza uzito maradufu. Mikanda ikionekana kwenye anga, 20 inafaa kujaribiwa kabla ya kubadilisha kingine chochote. Thamani `-2` inaifanya programu ichague kimo kinachogawanyika kwa mbili, jambo ambalo `yuv420p` inalidai kwa sababu ya ile nusu ya ramani ya rangi. Anayeandika vipimo mwenyewe na kuweka upana wa 481 atakataliwa kwa ujumbe `width not divisible by 2`. Nayo `+faststart` inahamisha orodha ya yaliyomo kutoka mwisho wa faili hadi mwanzo. Bila hiyo, kwenye mtandao wa polepole, kivinjari kinaweza kukaa kimya hadi faili lote lifike.

Ili video hiyo itende kama GIF kwenye ukurasa, inahitaji maneno manne:

```
<video autoplay loop muted playsinline src="jahazi.mp4"></video>
```

`muted` na `playsinline` ndiyo yanayosahaulika. Bila la kwanza vivinjari vingi vinakataa kuichezesha video bila mtu kugusa, na bila la pili iPhone inaifungua skrini nzima. Tabia hii ya kucheza kimya ndani ya ukurasa ilikuja kwenye iPhone na iOS 10, mwaka 2016.

Klipu ya pili: rekodi ya skrini ya simu inayoonyesha mtu akijaza fomu. Mandhari ni meupe, kinachobadilika ni kisanduku kimoja na kibodi, na maandishi ni madogo. Hapa GIF iko nyumbani:

```
ffmpeg -i fomu.mp4 -vf "fps=12.5,scale=360:-1:flags=lanczos,\
split[a][b];[a]palettegen=max_colors=64:stats_mode=diff[p];\
[b][p]paletteuse=dither=none:diff_mode=rectangle" fomu.gif
```

Fremu 12.5 kwa sekunde si namba ya kubahatisha. GIF inapima muda kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo 8 kati ya hizo zinatoa 12.5 kamili, 5 zinatoa 20, na 4 zinatoa 25. Kasi ya 30 haiandikiki, na 15 inalazimisha fremu nyingine kusubiri 6 na nyingine 7, ambapo mwendo unakwama kwama. Anayejaribu kwenda kasi sana kwa kuandika 1 anapata kinyume cha alichotaka: vivinjari vinaichukulia 0 na 1 kama 10, na klipu inatambaa.

Baada ya hapo inabaki kuhakikisha kwamba sehemu zilizotulia zimerukwa kweli. Amri `gifsicle --info fomu.gif` inaorodhesha fremu zote na vipimo vyake. Fremu za baadaye zikiwa ndogo, tuseme `112x40 at 30,60`, kazi imefanyika. Zote zikiwa na ukubwa wa picha nzima, kuna kitu kinachobadilika pasipo kuonekana, na mara nyingi ni saa au alama ya mtandao juu ya skrini. Kuikata sehemu hiyo ya juu kunaweza kupunguza faili kuliko kupunguza rangi.

Kosa moja linastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa linafanywa kwa nia njema: kuchukua GIF iliyokwisha kutawanywa nukta na kuigeuza kuwa video. Rangi zilizotupwa hazirudi. Nukta nazo, kwa macho ya H.264, ni vipengele vidogo vidogo visivyo na mwendo wa kueleweka, kwa hiyo zinakula biti nyingi au zinapakwa na kuwa madoa. Anayeona madoa hayo huilaumu video, ingawa kosa limefanyika hatua moja nyuma. Ugeuzaji unapaswa kuanzia kwenye rekodi ya kamera au ya skrini, na ndiyo maana rekodi hiyo haifai kufutwa baada ya GIF kutoka.

## Pale GIF isipoepukika

Yapo mazingira ambayo video haipokelewi kabisa, na barua pepe ndiyo kubwa kati yake. Programu nyingi za kusomea barua hazichezeshi video ndani ya ujumbe, wakati GIF inaingia kama picha yoyote. Katuni ndogo zilizochorwa pikseli kwa pikseli nazo zina sababu ya kubaki GIF: rangi zake ni chache tangu mwanzo na kingo zake zinaharibiwa na video.

Ikiwa klipu ya jahazi lazima iende kwa barua pepe, kinachopunguzwa kwanza kisiwe rangi. Kushusha upana kutoka 480 hadi 320 na kimo kutoka 270 hadi 180 kunaacha pikseli 57,600 kwa fremu, chini ya nusu ya zilizokuwepo. Kufupisha klipu kutoka sekunde 4 hadi 2 kunakata nusu nyingine. Kuondoa sehemu ya anga kwa kulikaribia tanga kunapunguza mpito wa rangi unaohitaji nukta, na jedwali linabaki na nafasi kwa ajili ya tanga na bendera. Baada ya hatua hizo tatu ndipo `dither=bayer:bayer_scale=3` na rangi 128 zinapofaa kujaribiwa, na faili linakuwa limeshapungua zaidi ya mara nne kabla rangi haijaguswa.

Lipo pia jambo la wapokeaji wanaotumia matoleo ya zamani ya Outlook kwenye Windows, ambayo yanaonyesha fremu ya kwanza peke yake na kusimama hapo. Kwa hao, klipu inayoanza na bahari tupu kabla jahazi halijaingia ni picha ya bahari tupu. Fremu ya kwanza inapaswa kuwa ile ambayo jahazi limekwisha kufika katikati, na kwa kuwa klipu inajirudia, wanaoiona ikicheza hawatapoteza kitu.